Asilimia 99.5 na Nusu ya Asubuhi: Kisa cha Ripoti ya Mwezi ya Kazi za Usiku

## Usuli

Kisa hiki kinahusu chama kimoja cha akiba na mikopo nchini Tanzania chenye matawi saba. Jina lake, mji wa makao makuu na vyeo vinavyoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Takwimu zimesogezwa kidogo ili chama kisijulikane, lakini uwiano kati yake umebaki kama ulivyokuwa.

Wanachama wengi hurejesha mikopo kwa simu. Fedha hupitia kampuni ya kati inayounganisha mitandao ya simu na chama, na kila usiku kampuni hiyo huweka kwenye seva faili moja lenye malipo yote ya siku iliyopita. Saa 9 usiku mfumo wa chama huchukua faili hilo, hulinganisha kila malipo na akaunti ya mwanachama, huingiza marejesho, kisha hutengeneza orodha ya wadaiwa waliochelewa. Ofisa mikopo akifika tawini saa 2 asubuhi huchapisha orodha hiyo na kuanza kupiga simu.

Marejesho ni moja tu ya kazi kumi na mbili za usiku. Nyingine hutuma meseji za kumbukumbu, hupiga hesabu za akiba, huandaa taarifa za mhasibu, na moja hutuma salamu za siku ya kuzaliwa. Ipo pia kazi ndogo inayokwenda kila baada ya dakika tano, usiku na mchana, kuangalia kama mawasiliano na kampuni ya malipo yako hai. Kaeni na hiyo ya dakika tano, maana ndiyo iliyowapofusha watu.

## Ripoti ilivyokuwa

Kila mwanzo wa mwezi kitengo cha TEHAMA kilipeleka kwa menejimenti ripoti ya kurasa kumi na nne. Ilikuwa na grafu za matumizi ya kumbukumbu ya seva, majedwali ya kila kazi na muda wake kwa sekunde, na ukurasa wa kwanza uliotangaza kwa herufi kubwa kiwango cha mafanikio. Novemba kilikuwa asilimia 99.5.

Kikao kiliipokea ripoti, mwenyekiti akashukuru, ajenda ikasonga. Katika kikao hicho hicho, ajenda mbili mbele, meneja wa mikopo alilalamika kwamba matawi yanagombana na wanachama. Mtu amelipa jana mchana, ana meseji ya uthibitisho mkononi, na leo asubuhi anapigiwa simu anaitwa mdaiwa sugu mbele ya wateja wake sokoni. Daftari za malalamiko za matawi yote saba zilikuwa na maingizo 64 ya aina hiyo kwa mwezi mmoja. Kikao kiliagiza maofisa mikopo wapewe mafunzo ya huduma kwa wateja. Hakuna aliyeunganisha ajenda hizo mbili, na kwa kweli ripoti haikumpa yeyote sababu ya kuziunganisha.

## Hesabu ilipofunguliwa

Niliitwa kusaidia kuandika upya ripoti, si kutafuta kosa. Ila huwezi kuandika upya namba usiyojua ilikotoka, kwa hiyo tulianza na ile 99.5.

Kazi ya dakika tano hukimbia mara 288 kwa siku, yaani mara 8,640 kwa siku 30 za Novemba. Kazi kumi na mbili za usiku hukimbia mara 360. Jumla, ukiacha chache za mwisho wa mwezi, ni mara 9,000. Zilizofeli zilikuwa 45. Gawanya: nusu asilimia. Hesabu ni sahihi kabisa, lakini inapima karibu kazi moja tu, ile ambayo ikifeli saa 8:05 hurudi sawa saa 8:10 na hakuna binadamu anayejua.

Ukiitoa, picha inabadilika. Kazi za usiku zilifeli mara 27 kati ya 360, sawa na asilimia 7.5. Hata hiyo bado haimwambii meneja kitu, kwa sababu salamu ya siku ya kuzaliwa iliyokwama inahesabiwa sawa na marejesho yaliyokwama. Tulipotenganisha, tuliona marejesho yamefeli usiku 9 kati ya 30. Asubuhi ya siku hizo fundi aliingia kazini, akaona kazi imefeli, akaianzisha tena, na orodha ikawa tayari karibu saa 4.

Halafu kuna kuchelewa, ambako si kufeli. Siku nyingine nne kazi ilimalizika vizuri, ikapewa rangi ya kijani, ila ilimalizika karibu saa 3 asubuhi. Ripoti ya zamani ilikuwa na wastani wa saa ya kumaliza na ilionekana nzuri: saa 12 na dakika 28 asubuhi, saa moja na nusu kabla ya matawi kufungua. Wastani huo ulipatikana kwa kuchanganya siku 17 zilizomalizika karibu saa 10 alfajiri, siku nne za saa 3 na siku tisa za saa 4. Hakuna hata siku moja ya Novemba ambayo orodha ilitoka karibu na saa 12 na nusu. Meneja aliyeamini wastani aliamini siku ambayo haikuwahi kuwepo.

Jumla ni siku 13 ambazo orodha haikuwa tayari saa 2. Mbili ziliangukia Jumapili, matawi yakiwa yamefungwa, na Novemba haina sikukuu ya taifa. Kwa hiyo ni asubuhi 11 kati ya asubuhi 26 za kazi.

Tulidhani hapo ndipo mwisho, mpaka tulipoweka tarehe za daftari za malalamiko kando ya tarehe hizo. Nyingi zililingana. Lakini siku mbili za kazi zilikuwa na malalamiko kibao ilhali orodha ilitoka mapema na kila kitu kilikuwa kijani. Fundi alifungua faili la siku ya kwanza kati ya hizo: lilikuwa na mstari wa vichwa vya safu tu, bila malipo hata moja. La siku ya pili vilevile. Kampuni ya malipo ilikuwa imeweka faili tupu, na baadaye, mchana, ikaliweka kamili. Mfumo ulisoma mistari sifuri, ukaingiza marejesho sifuri, ukamaliza bila kosa. Kwa kompyuta, kusoma faili tupu hadi mwisho ni kazi iliyofaulu.

Ukijumlisha na hizo mbili, matawi yalifungua na orodha iliyochelewa au ya uongo asubuhi 13 kati ya 26. Nusu ya mwezi.

## Ukurasa mpya

Tuliamua ripoti iwe ukurasa mmoja, na kila namba iliyomo iwe imejibu swali ambalo meneja fulani analo. Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kipimo. Badala ya kuuliza kazi ngapi zimefaulu, tuliuliza: ni asubuhi ngapi tawi lilifungua likiwa na orodha sahihi? Fundi alipinga kwa hoja yenye uzito, kwamba kipimo hicho kinamhukumu kwa makosa ya kampuni ya malipo. Tulikubaliana kipimo kibaki, ila sababu ziandikwe zikiwa zimetenganishwa, za ndani na za nje, ili asibebeshwe mzigo usio wake.

Uamuzi wa pili ulihusu saa. Seva ya chama inakwenda kwa saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa tatu, na mstari unaoanzisha marejesho ni huu:

```
0 0 * * *
```

Yaani saa sita kamili usiku kwa mashine, 03:00 kwa saa ya ukutani Dar es Salaam, na saa 9 usiku kwa anayeongea. Ripoti za nyuma zilichanganya zote tatu, na meneja mmoja wa tawi alikuwa ameamini kwa miezi kwamba kazi huanza saa 6 usiku na huchukua saa nne. Ukurasa mpya ulitumia namna moja tu ya kutaja saa, ile wanayoitumia watu wanapopeana miadi.

Uamuzi wa tatu: idadi, si asilimia, kwa kila kitu kinachotokea mara chache. Kazi ya kupiga riba hukimbia mara moja kwa mwezi. Ikifeli, ni asilimia mia moja. Isipofeli, ni sifuri. Namba kama hizo humtisha au humtuliza mtu bila kumpa habari.

Sehemu ya juu ya ukurasa wa Novemba ilisomeka hivi:

> Asubuhi za kazi: 26. Matawi yalikuwa na orodha sahihi saa 2: asubuhi 13.
>
> Asubuhi 7: faili la malipo lilifika baada ya mfumo kukata tamaa. Mfumo hujaribu kuanzia saa 9 usiku kwa muda wa robo saa tu. Mwezi huu faili lililochelewa kuliko yote lilifika saa 11 na nusu alfajiri.
>
> Asubuhi 4: kazi ilikwenda polepole. Zote ni Jumatatu.
>
> Asubuhi 2: faili lilifika tupu na mfumo haukugundua.
>
> Tunaomba uamuzi wa mambo matatu.

Jumatatu zile hazikuonekana popote katika kurasa kumi na nne, kwa kuwa majedwali yalipangwa kwa jina la kazi badala ya siku. Zilipopangwa kwa siku, sababu ilipatikana ndani ya dakika chache: nakala kamili ya hifadhidata huchukuliwa usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, kwenye diski zilezile ambazo marejesho yanazitumia. Tena Jumatatu ndiyo siku ambayo ofisa mikopo ana simu nyingi kuliko zote.

## Kikao na maamuzi

Mambo matatu yaliyoombwa yaliandikwa kama maswali, kila moja na gharama yake na jina la mwenye mamlaka ya kulijibu.

La kwanza lilimhusu meneja mkuu: kuwe na fundi wa zamu ya alfajiri, au mfumo ubadilishwe usubiri faili hadi saa 12 asubuhi? Zamu ingegharimu posho ya shilingi 20,000 kwa usiku, yaani 600,000 kwa mwezi. Kusubiri kungegharimu siku chache za kazi ya fundi. Kazi yenyewe huchukua karibu saa moja, kwa hiyo faili likifika hata saa 12 kamili, orodha ingekuwa tayari saa 1, na bado tawi halijafunguliwa. Meneja mkuu alichagua kusubiri. Kilichomsaidia ni ule mstari wa saa 11 na nusu: kwa Novemba, muda wa kusubiri uliopendekezwa ungetosha kwa kila faili lililochelewa.

La pili halikuwa na gharama: kuhamishia nakala kamili usiku wa Jumamosi. Lilipita bila mjadala. Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo la kiufundi namna hiyo lipelekwe kwenye kikao. Lilipelekwa kwa sababu mhasibu mkuu alikuwa na taarifa zake za Jumapili zinazotegemea mfumo ule, na yeye ndiye aliyepaswa kusema kama usiku wa Jumamosi unamfaa.

La tatu lilimhusu meneja wa mikopo, na ndilo lililochukua muda. Swali lilikuwa: siku ambayo orodha haijawa tayari, ofisa afanye nini? Mpaka wakati huo alichapisha orodha ya jana na kuendelea. Meneja wa tawi moja kubwa alisema, "Mkuu, ukiniambia nisipige simu mpaka saa 4, lengo langu la makusanyo nani atalibeba?" Meneja wa mikopo akamjibu kwamba mwanachama aliyelipa na bado akasumbuliwa ndiye anayechelewa mwezi unaofuata. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wa hilo, na nilishukuru kwamba hakuna aliyeomba ripoti iuthibitishe. Walifikia hapa: kila orodha ichapishwe na mstari wa juu unaosema marejesho yameingizwa hadi tarehe na saa ngapi, na kama si ya jana usiku, ofisa aanze na wadaiwa waliochelewa zaidi ya siku 30 tu. Hao ni nadra kugeuka kuwa wasio na deni kwa malipo ya siku moja.

Huo ndio uamuzi bora uliotoka katika kisa hiki, na haukuhitaji mstari hata mmoja mpya wa programu zaidi ya ule wa kichwa cha orodha.

## Matokeo

Mabadiliko yalikamilika katikati ya Desemba. Januari nayo ilikuwa na asubuhi 26 za kazi. Matawi yalikuwa na orodha sahihi asubuhi 23. Mbili kati ya tatu zilizobaki, faili lilifika baada ya saa 12. Moja, faili lilikuja tupu, mfumo ukalikataa na kumpigia fundi kelele. Jumatatu zote zilikuwa salama. Malalamiko ya "nimeshalipa" yalishuka, ingawa hayakwisha, kwa sababu wapo wanaolipa asubuhi hiyohiyo dakika chache kabla ya kupigiwa.

Lakini idadi ya kazi za usiku zilizofeli ilipanda, kutoka 27 hadi 41.

## Uchambuzi

Kupanda huko ndiko kulikoleta mtafaruku katika kikao cha Februari, na ni jambo la kutarajia popote pale mtu anapoanza kupima vizuri. Baada ya kisa cha faili tupu, fundi aliweka ukaguzi katika kazi zote kumi na mbili: kama mistari iliyosomwa ni sifuri, au ni chini ya nusu ya kawaida ya siku kama hiyo ya wiki, kazi ihesabike imefeli. Kazi ambazo zamani zilikuwa zinafaulu kimyakimya bila kufanya chochote sasa zilijitokeza. Nyingi kati ya 41 zilikuwa hizo, na chache zilikuwa kengele za uongo za siku ambazo malipo yalikuwa machache kweli, kama Januari mosi. Mjumbe mmoja alitaka kujua kwa nini mfumo umeharibika baada ya kutengenezwa. Ukurasa ulikuwa na jibu, ila lilikuwa mstari wa mwisho kabisa. Lilipaswa kuwa pembeni ya namba yenyewe, pamoja na tarehe ambayo ukaguzi uliwekwa. Namba ikibadilishiwa maana katikati ya robo mwaka, ni bora kuikata: chora mstari, anza safu mpya, usiilinganishe na ya zamani.

Kitu kingine kilichoshindwa ni rangi. Toleo la Desemba lilikuwa na kijani, njano na nyekundu kwa kila kazi. Ndani ya mwezi mmoja karibu kila kitu kilikuwa njano. Njano ilimwondolea fundi aibu ya nyekundu na ikamwondolea meneja ulazima wa kuamua. Rangi ziliondolewa Januari, nafasi yake ikachukuliwa na safu inayosema nani anatakiwa kuamua nini na hadi lini. Kama hakuna uamuzi unaohitajika, kazi haitajwi kwenye ukurasa. Iko kwenye kiambatisho, kwa anayetaka.

Mishale ya kupanda na kushuka nayo iliondolewa, kwa sababu tofauti. Februari mhasibu aliuliza: tukitoka asubuhi tatu mbaya hadi tano, je, tumeanza kuporomoka? Kwa asubuhi 26, kama kiwango halisi ni tatu kwa mwezi, utapata tano au zaidi kwa bahati tu karibu mara moja katika kila miezi sita. Mshale mwekundu ungemfanya mtu atafute mkosaji wa jambo ambalo halina mkosaji. Kutoka 13 hadi tatu ni habari nyingine. Hapo huhitaji mshale.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kule kuweka daftari za malalamiko kando ya kumbukumbu za mfumo. Mfumo hauwezi kuripoti kosa ambalo haujui ni kosa. Faili tupu lisingegunduliwa na ukaguzi wowote uliokuwepo wakati ule, na limekamatwa na makarani waliokuwa wanaandika kwa kalamu kwamba mama fulani amekuja juu. Tangu hapo matawi hutuma idadi ya malalamiko ya siku kwa meseji, na fundi hutazama hasa siku ambazo mfumo ni kijani na malalamiko ni mengi.

Chanzo kikubwa bado kiko nje. Kampuni ya malipo iliandikiwa barua mara mbili, na mara zote ilijibu kwamba huduma yake iko juu ya asilimia 99, jibu ambalo menejimenti sasa ilijua namna ya kulisoma. Mkataba ulipofika wakati wa kuhuishwa, chama kiliomba kifungu kipya: faili liwe limefika, likiwa na idadi ya mistari iliyoandikwa mwishoni mwake kwa ajili ya kuhakiki, kabla ya saa 10 alfajiri, na ukurasa wa kila mwezi uwe kiambatisho cha kuhesabia punguzo la ada. Kampuni ilikubali idadi ya mistari mara moja. Juu ya saa 10 ilirudi na saa 11, na juu ya punguzo mazungumzo yalikuwa yanaendelea nilipokabidhi kazi.